Thiong'O, Kanuni na Ukuta: Safari ya herufi kubwa katika anwani zetu

Mwalimu mmoja wa Kiswahili anayefundisha viungani mwa mji wetu wa Kakamega alinitumia orodha ya vitabu na makala za maktaba ya shule yake, anwani 160 kwa jumla, zote katika safuwima moja. Zilikuwa zimepigwa kwa herufi kubwa tupu tangu enzi za taipureta, na karani wake alikuwa amezipitisha kwenye kompyuta ili zirudi katika hali ya kawaida ya anwani. Matokeo yake yalimfanya mwalimu aulize, kwa haki kabisa, iwapo mashine ina kisa na Kiswahili. Mwandishi wa *Shetani Msalabani* alikuwa amegeuka kuwa "Ngugi Wa Thiong'O". Riwaya ya Shafi Adam Shafi ya mwaka 1999 ilisomeka "Vuta N'Kuvute". Makala kuhusu soko la Moi's Bridge, pale tunapopakana na Uasin Gishu na Trans Nzoia, iliandikwa "Moi'S Bridge". Mtihani wa KCSE ukawa "Kcse".

Swali la mwalimu lina mzizi mrefu kuliko kompyuta. Kwani ni nani aliyetuamulia kwamba "wa" iwe ndogo na "Shetani" iwe kubwa? Ili tujue namna ya kuirekebisha safuwima ile, sharti kwanza tujue herufi kubwa ilifikaje katika lugha yetu na ilibeba mzigo gani.

Kiswahili kiliandikwa karne kadhaa bila herufi kubwa hata moja. Hati za Kiarabu, ambazo washairi wa Pate, Lamu na Mombasa walizitumia, hazina tofauti ya kubwa na ndogo. Herufi hubadilika umbo kutegemea iko mwanzoni, katikati au mwishoni mwa neno, lakini jina la mtu haliandikwi kwa namna tofauti na jina la mbuzi. Hati ya *Utendi wa Tambuka* ya mwaka 1728 haikuhitaji uamuzi wowote kuhusu ukubwa wa "wa". Msomaji alijua jina ni jina kwa kuielewa sentensi.

Mambo yalibadilika wamisionari walipoanza kukiandika Kiswahili kwa hati za Kirumi. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na sarufi yake ya Kiswahili ikachapishwa mwaka 1850. Edward Steere alitoa mwongozo wake wa lugha ya Kiswahili mwaka 1870. Pamoja na abjadi hiyo mpya ilikuja desturi ya wachapaji wa Ulaya. Mchapaji wa siku hizo alipanga herufi za risasi moja moja kutoka kwenye masanduku mawili ya mbao, la juu likiwa na herufi kubwa na la chini likiwa na ndogo. Kuchukua herufi kutoka sanduku la juu kulikuwa tendo la makusudi: mkono uliinuka kwa sababu akili ilikuwa imeamua kwamba hapa sentensi inaanza, au hapa pana jina la mtu, mahali, lugha au taifa.

Wachapaji wa Kiingereza walikuwa na desturi nyingine juu ya hiyo. Katika anwani ya kitabu, maneno yenye uzito yalianza kwa herufi kubwa, na vijineno vya kuunganisha vikabaki vidogo. Huu ndio mtindo nitakaouita mtindo wa anwani. Kiswahili kiliurithi, ndiyo maana leo tunaandika *Chozi la Heri*, *Bembea ya Maisha* na *Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine*. Wakutubi wao walichukua njia tofauti. Katika kadi za maktaba walikuza neno la kwanza na majina ya pekee tu, kama tunavyofanya katika sentensi yoyote: *Tumbo lisiloshiba na hadithi nyingine*. Huo nitauita mtindo wa sentensi. Kwa hiyo mwanafunzi anaweza kukiona kitabu kimoja kimeandikwa kwa herufi kubwa tupu kwenye jalada, kwa mtindo wa anwani gazetini, na kwa mtindo wa sentensi katika katalogi. Vyote vitatu ni sahihi mahali pake. Kosa ni kuvichanganya katika safuwima moja.

Je, herufi kubwa tupu zilitoka wapi? Zilitoka kwenye vyombo vya kazi. Msimbo wa telegrafu wa Baudot ulikuwa na nafasi 32 tu katika kila fungu lake la alama, kwa hiyo haukuweza kubeba herufi kubwa na ndogo kwa pamoja, na kwa muda mrefu ujumbe wa simu za maandishi ulifika kwa herufi za ukubwa mmoja. Taipureta nayo ilikuwa na herufi za aina zote mbili, ila haikuwa na herufi nzito wala za mlazo. Karani aliyetaka anwani ionekane alikuwa na mbinu mbili, kuipigia mstari au kuikuza yote. Kakamega ilipokuwa makao makuu ya Mkoa wa Magharibi, meza za ofisi zilijaa majalada yenye anwani za namna hiyo. Tabia ikabaki hata baada ya taipureta kwenda zake.

Hasara yake haionekani mara moja. Unapoandika neno zima kwa herufi kubwa, unafuta taarifa ambayo mkono wa mchapaji ulikuwa umeiweka. Katika "UTENZI WA VITA VYA UHUD" hakuna tena kinachoonyesha kwamba Uhud ni jina la mahali na vita si jina. Katika "NGUGI" hata kialama cha juu ya u na i kimetoweka, na hakuna mashine itakayokirudisha kwa kubahatisha. Anayerudisha anwani katika hali yake anarudisha maarifa, na maarifa hayo hayamo tena ndani ya safuwima.

Mashine haina maarifa hayo. Katika msimbo wa herufi uitwao ASCII, herufi A ina namba 65 na a ina namba 97. B ni 66 na b ni 98. Tofauti ni 32 kila mara. Toleo la kwanza la msimbo huo, la mwaka 1963, halikuwa hata na herufi ndogo. Ziliongezwa katika toleo la mwaka 1967. Ukiiagiza kompyuta igeuze anwani kuwa herufi ndogo, kimsingi inajumlisha 32 kwa kila herufi ya Kirumi inayoikuta. Uhud na vita ni kitu kimoja kwake.

Sasa tumwangalie karani wetu. Alitumia programu ya Excel na amri iitwayo `PROPER`. Kanuni ya amri hii ni fupi mno: kuza herufi ya kwanza, kuza pia herufi yoyote inayofuata kitu ambacho si herufi, kisha punguza zilizobaki. Nafasi kati ya maneno si herufi, kwa hiyo kila neno linaanza kwa herufi kubwa, pamoja na "Wa" na "Na". Ritifaa nayo si herufi. Hapo ndipo Thiong'O anapozaliwa. Kanuni hiyo inamfaa mtu wa jina la O'Brien, lakini inakiumiza Kiswahili, kwa kuwa katika lugha yetu ritifaa imo ndani ya neno lenyewe. Katika ng'ombe ni sehemu ya sauti moja. Katika *Vuta N'kuvute* inashika nafasi ya i iliyodondoshwa katika "nikuvute". Ukiipa mashine Murang'a na Lang'ata, itakurudishia Murang'A na Lang'Ata bila haya.

Dawa ni kuificha ritifaa kabla ya kuikabidhi mashine anwani, na kuirudisha baadaye. Tunaibadilisha kwa herufi tatu ambazo hazitatokea katika neno lolote la Kiswahili. Bahati nzuri abjadi yetu haitumii q wala x, kwa hiyo "xqx" inafaa. Tuseme anwani za awali ziko katika safuwima A. Usiziguse hata kidogo, maana ndizo ushahidi wako. Katika safuwima B andika hivi:

```
=SUBSTITUTE(PROPER(SUBSTITUTE(TRIM(A2),"'","xqx")),"xqx","'")
```

Isome kutoka ndani kwenda nje. `TRIM` inaondoa nafasi za ziada. `SUBSTITUTE` ya ndani inaweka xqx mahali pa ritifaa. `PROPER` sasa inaona neno moja lisilokatika, THIONGxqxO, na inalifanya Thiongxqxo. `SUBSTITUTE` ya nje inairudisha ritifaa mahali pake, tukapata Thiong'o, N'kuvute na Moi's kwa mkupuo mmoja.

Pana mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, ritifaa huja kwa sura mbili, iliyonyooka na iliyopinda, na kwa mashine hizo ni alama mbili tofauti. Kabla ya yote, geuza zilizopinda ziwe zilizonyooka katika nakala utakayoifanyia kazi. Pili, ikiwa anwani ina neno lililofungwa kwa alama moja moja za kunukuu, alama ya kufungua itageuzwa pia, na kwa kuwa iko mwanzoni mwa neno utaletewa "Xqx" yenye herufi kubwa. Haitarudi kuwa alama. Lakini itakutolea macho papo hapo, kwa sababu hakuna Mswahili anayeandika neno la namna hiyo. Na kama orodha yako ina akina O'Brien, wao utawarekebisha kwa mkono, maana watatoka O'brien.

Hatua inayofuata ni vijineno. Hapa watu wengi hukimbilia kanuni ya urefu: eti neno lenye herufi tatu au chini ya hapo liwe dogo. Miongozo kadhaa ya Kiingereza hutaja idadi ya herufi, ila huitaja kwa vihusishi na viunganishi. Ukiichukua namba peke yake na kuipandikiza katika Kiswahili, utavuna ajabu. Chukua anwani "Msitu wa Kakamega na Mto Isiukhu". "Mto" una herufi tatu, kwa hiyo utaandikwa mdogo kama "wa" na "na". Yatakayoupata mto yatazipata pia kiu, jua, mti, bei, mke na ua. Hizi zote ni nomino zenye uzito wake.

Kinachofanya neno liwe dogo katika anwani ni kazi yake. Na hapa sarufi ya Kiswahili inatusaidia kuliko ya Kiingereza, kwa kuwa vijineno vyetu vingi ni mtoto mmoja aliyevaa nguo za ngeli mbalimbali. Ni ile -a unganifu: wa, ya, la, cha, vya, za, kwa, pa, mwa. Ni tisa tu. Ongeza viunganishi "na" na "au", kisha "ni" na "si", tupate 13. Said Ahmed Mohamed ana mkusanyiko uitwao *Si Shetani si Wazimu*: "Si" ya kwanza ni kubwa kwa sababu inaanza anwani, na ya pili ni ndogo kwa sababu ni kijineno. Hao 13 wanamaliza sehemu kubwa ya kazi.

Yanabaki maneno kama baada, kabla, katika, bila na hadi. Hapa desturi za wachapishaji zinatofautiana, na jambo la busara ni kuchagua moja na kuishika hadi mwisho wa orodha. Mimi huyaacha makubwa. "Baada" na "kabla" hutawala -a unganifu kama nomino zifanyavyo, na kuandika "baada ya" zote kwa herufi ndogo katikati ya anwani kunaacha pengo linalochosha jicho. Ndiyo maana tawasifu ya Shaaban Robert naiandika *Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini*.

Katika safuwima C, basi, tunavipunguza vijineno. Siri iko katika nafasi zinazokizunguka kila kijineno:

```
=SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(B2," Wa "," wa ")," Ya "," ya ")
```

Endelea kuongeza tabaka hadi vijineno vyote 13 viingie. Kwa kuwa tumedai nafasi kabla na baada, "Wa" iliyo ndani ya Wanyama haiguswi. Neno la kwanza la anwani nalo haliguswi, kwa kuwa halina nafasi mbele yake, na hivyo ndivyo tunavyotaka. Ila kijineno kinachofuata nukta mbili kitapunguzwa, ingawa kinaanza anwani ndogo na kinastahili kuwa kikubwa. Tafuta nukta mbili zote katika safuwima na uzipitie kwa macho. Pitia pia orodha ya waandishi: mahali ambapo jina limegeuzwa likaanza na "WA THIONG'O", mashine itaacha "Wa" kubwa. Katika majina ya watu "wa" hubaki ndogo, sawa na "bin" ya Muyaka bin Haji na "arap" ya Daniel arap Moi. Hivi ni vijineno vya ukoo. Kuvikuza ni kumpa mtu jina la kati ambalo mamake hakumpa.

Tumefika kwenye akronimu, na hapa ndipo Kiswahili kinapokuwa kigumu kuliko Kiingereza. Akronimu nyingi tunazokutana nazo Kenya zimetokana na Kiingereza. KCSE, KNUT, TSC na MMUST, yaani chuo kikuu chetu cha hapa Kakamega, hazina umbo la neno la Kiswahili. Silabi zetu kwa kawaida huishia kwa irabu. Ukiona "Knut" au "Mmust" ndani ya anwani ya Kiswahili, jicho linakwama lenyewe. Makosa ya aina hii hujitangaza.

Walioasisi akronimu za Kiswahili walifanya kinyume. Walizisuka zitamkike kama maneno halisi: BAKITA, TUKI, CHAKITA, TAKUKURU. Ni ufundi wa kupendeza, na ndio unaotuponza. "Chakita" na "Takukuru" haziumizi jicho hata kidogo. Nyingine zimekwenda mbali zaidi na kuvaa neno lililokuwepo. UKUTA ni Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, chama cha washairi. Anwani ya zamani ikisema "WASHAIRI WA UKUTA", huna njia ya kujua kwa kuitazama tu kama inazungumzia wanachama wa UKUTA au watu wanaoandika mashairi kwenye kuta. Karani akiandika "Washairi wa Ukuta", chama kizima kimegeuka mawe na saruji, na mtafiti atakayekitafuta hatakiona. Kwa akronimu za namna hii sharti ufungue kitabu chenyewe.

Jambo la kufanya kabla ya kubonyeza chochote ni kuipitia safuwima A na kuandika pembeni kila akronimu inayopatikana humo. Orodha hiyo haitakuwa ndefu; katika anwani 160 za mwalimu wetu zilikuwa 11. Kisha rudisha kila moja, lakini kwa hadhari. Wengi hutumia amri ya kutafuta na kubadilisha: tafuta "Kanu", weka "KANU". Wakimaliza wanakuta kitabu cha sarufi kinachoitwa "KANUni za Lugha". "Tuki" nayo inageuza tukio kuwa "TUKIo", na "Tanu" inaharibu tanuri la mwokaji. Akronimu zilizosukwa kwa silabi za Kiswahili zimejificha ndani ya maneno ya Kiswahili. KCSE haina hatari hiyo, maana hakuna neno letu lenye mfuatano huo wa konsonanti.

Kwa hiyo tunadai nafasi pande zote mbili, kama tulivyofanya kwa vijineno. Tofauti ni kwamba akronimu inaweza kuanza au kumaliza anwani, kwa hiyo tunaipa anwani nafasi ya muda mwanzoni na mwishoni, kisha tunaiondoa. Katika safuwima D:

```
=TRIM(SUBSTITUTE(" "&C2&" "," Kanu "," KANU "))
```

"Kanuni" sasa inabaki salama. Akronimu iliyofuatwa na mkato au nukta mbili itaponyoka, kwa hiyo hizo chache zitafute mwenyewe.

Vipi kuhusu UKIMWI? Neno hili lilianza kama akronimu ya upungufu wa kinga mwilini, lakini limeishi kwetu kiasi kwamba wengi huandika Ukimwi, na wengine ukimwi kama malaria. Yote matatu utayakuta yamechapishwa. Katika orodha moja chagua umbo moja. VVU haina hiari hiyo, kwa sababu hutamkwa herufi moja moja na haiwezi kupungua.

Hatua ya mwisho ni ukaguzi, na ndiyo wengi huiruka. Katika safuwima E andika hivi:

```
=EXACT(UPPER(D2),UPPER(TRIM(A2)))
```

Amri hii inaikuza anwani mpya yote, inaikuza ya zamani yote, halafu inazilinganisha. Ikijibu `TRUE`, basi ulichobadilisha ni ukubwa wa herufi tu. Ikijibu `FALSE`, kuna herufi iliyoongezeka, iliyopotea au iliyogeuka: labda xqx iliyosahaulika, labda ritifaa iliyopinda. Ukaguzi huu hautakuambia kama Ukuta ni chama au ni mawe. Utakuhakikishia tu kwamba hukuharibu tahajia ulipokuwa ukirekebisha sura.

Nimeeleza mtindo wa anwani kwa kirefu. Mtindo wa sentensi unaonekana rahisi, kumbe ndio mgumu zaidi. Kwa amri moja unaweza kupunguza kila kitu isipokuwa herufi ya kwanza:

```
=UPPER(LEFT(A2,1))&LOWER(MID(A2,2,LEN(A2)))
```

Vijineno vitapona vyenyewe, na ritifaa haitaleta taabu. Lakini majina yote yataanguka. "Utenzi wa vita vya uhud", "Jamii ya waluhya", "Msitu wa kakamega", "Sarufi ya kiswahili". Katika mtindo wa anwani Uhud iliokolewa kwa bahati, kwa kuwa vita nayo ilikuzwa. Hapa bahati imekwisha. Kila jina la mtu, mahali, lugha na jamii lazima lirudishwe kutoka kwenye orodha, kwa mbinu ile ile ya nafasi pande mbili. Majina ya mahali hupatikana kwa urahisi. Kaunti ya Kakamega, kwa mfano, ina maeneo bunge 12, kutoka Butere na Khwisero hadi Lugari na Likuyani, nayo huandikwa mara moja yakatumika daima. Majina ya watu ndiyo yanayohitaji msomaji. "Heri" inaweza kuwa jina la mtu au neema, na "Rehema" vivyo hivyo. Katika *Nyota ya Rehema* ya Mohamed Suleiman Mohamed, Rehema ni mhusika. Asiyeisoma riwaya hiyo ataandika "Nyota ya rehema", na hakuna amri ya kompyuta itakayomkanya.

Ushauri niliompa mwalimu, na ninaoutoa kwa yeyote mwenye safuwima kama yake, ni achague mtindo kulingana na kazi. Ikiwa orodha ni ya kubandikwa ukutani wanafunzi wasome, mtindo wa anwani unasamehe zaidi, na hatua tano nilizozieleza zinaumaliza kabla ya chai ya saa nne. Ikiwa ni katalogi ya maktaba, mtindo wa sentensi ndio desturi, na apange kukaa na mtu aliyevisoma vitabu. Kwa anwani 160 hiyo ni kazi ya alasiri moja.

Kuanzia sasa, anwani mpya ziandikwe moja kwa moja katika mtindo uliochaguliwa. Anayetaka zionekane kubwa na nzito azibadilishe sura kwa kutumia mipangilio ya programu, bila kugusa herufi zenyewe. Herufi kubwa tupu inaweza kutengenezwa wakati wowote kutoka "Ngũgĩ wa Thiong'o". Kurudi kutoka "NGUGI WA THIONG'O" ndiko kunakohitaji mtu anayemjua.